Kiharusi: Mbona mmoja hupooza mkono na mwingine mguu?

Wagonjwa wawili wa kiharusi wanaweza kulazwa wodi moja, mmoja akiwa amepooza mkono na kushindwa kusema, na mwenzake anaongea vizuri ila mguu haumbebi. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni mshipa ulioziba.

Damu huufikia ubongo kwa mishipa minne. Miwili hupita mbele ya shingo, na ukigusa kando ya koo utaihisi ikipiga. Mingine miwili hupanda nyuma, ndani ya matundu ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo mishipa hii huungana na kufanya duara, ambalo limepewa jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyelieleza mwaka wa 1664.

Duara hilo ni akiba. Mshipa mmoja wa shingo ukizibwa na mafuta polepole kwa miaka mingi, damu inaweza kuzunguka kutoka upande wa pili, na mwenyewe asijue lolote. Lakini akiba hii si ya kutegemewa, kwani kwa watu wengi sehemu fulani ya duara ni nyembamba mno au haipo.

Tena, duara huokoa tu pale kizuizi kinapokuwa kabla yake. Mishipa inayotoka humo kwenda juu ina maeneo yake, na mmoja ukiziba ghafla, jirani zake hupenyeza damu kidogo tu.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 62 ambaye moyo wake hupiga bila mpango. Damu huganda moyoni, na siku moja donge linachomoka, linapanda shingoni, linapita duara na kukwama katika mshipa wa kati wa upande wa kushoto. Mshipa huo hulisha sehemu inayotawala uso na mkono wa kulia na, kwa watu wengi, lugha. Mdomo unapinda, kikombe kinamponyoka, na maneno hayatoki.

Donge lilo hilo lingeingia mshipa wa mbele, mguu wa kulia ndio ungelegea zaidi. Lingeingia ule wa nyuma, mama asingeona vitu vilivyo upande wake wa kulia, kwa macho yote mawili. Mgonjwa wa namna hii hudhani jicho limeharibika, akaenda kutafuta miwani.

Dalili hizi humwonyesha daktari mahali penye hitilafu, lakini hazimwambii kama mshipa umeziba au umepasuka. Hilo hujulikana kwa picha ya skani ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ikipewa mtu anayevuja damu ubongoni yaweza kumuua. Kwa hivyo anayempeleka mgonjwa hospitalini aangalie saa, kwani ataulizwa ni lini mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho.