Mkunga Akikuambia Pumua Hapa: Gesi ya Sigara na Oksijeni ya Mtoto

Katika kliniki za wajawazito za NHS hapa London, ukishapimwa presha na mkojo, mkunga huchukua kifaa kidogo cha mkononi, akakivalisha kipulizio kipya. Utavuta pumzi ndefu, utaibana kwa sekunde 15 hivi, kisha utapuliza polepole mpaka mapafu yaishe hewa. Namba hutokea hapo hapo. Akina mama wengi hutoka na maswali, na haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Je, ni mtego wa kuwanasa wanaovuta?

Hapana. Anapimwa kila mjamzito, avute asivute. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilipendekeza hivyo tangu 2010. Kifaa chenyewe wala hakitafuti nikotini. Kinatafuta kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotokea kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, kama tumbaku inavyoungua ndani ya sigara. Ndiyo maana bandiko la nikotini halipandishi namba. Pumzi inabanwa ili gesi iliyomo kwenye damu ipate muda wa kujitokeza katika hewa ya mapafuni.

Gesi hiyo inaidhuru vipi damu?

Oksijeni husafirishwa na hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake. Kila hemoglobini moja ina nafasi nne za kushika oksijeni. Kaboni monoksidi hushika nafasi hizo hizo, tena kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kiasi kidogo mapafuni kinatosha kuipokonya oksijeni mahali pake.

Hasara ya pili husahaulika, nami naiona ndiyo mbaya zaidi. Nafasi moja ikishakaliwa na kaboni monoksidi, oksijeni iliyo katika nafasi zilizobaki inashikwa kwa nguvu kupita kawaida. Damu inafika kwenye misuli, kwenye moyo, kwenye kondo la nyuma, ikiwa na oksijeni lakini haiachii ipasavyo.

Mashine imeonyesha 14. Ni nyingi?

Kwa mjamzito, kuanzia 4 mkunga anatakiwa akuelekeze kwa wasaidizi wa kuacha sigara. Tuchukue mama aliyepuliza saa nne asubuhi, kioo kikasoma 14 ppm. Kwa makadirio ya kawaida, karibu asilimia 3 ya hemoglobini yake imeshikwa. Kwa mtu mzima aliyekaa kitini si kitu cha kumwangusha. Lakini mtoto tumboni tayari anaishi kwa oksijeni kidogo kuliko sisi, hana akiba, na gesi hiyo ikishavuka kondo hujikusanya kwake hadi kiwango kinachozidi kidogo cha mama. Pia huchelewa kumtoka. Hii ni mojawapo ya sababu watoto wa wavutaji huzaliwa na uzito mdogo.

Habari njema ni kwamba gesi haikai. Akiwa ametulia bila kuvuta, kiasi kilichomo kwenye damu ya mama hupungua nusu kila baada ya saa nne au tano. Mama yule asipowasha nyingine, alasiri atasoma kama 7, usiku 3 au 4, na kesho yake atalingana na asiyevuta. Hapo hapo pana udhaifu wa kipimo: kinasimulia ya leo tu, na aliyelala usiku kucha bila sigara atapata namba ndogo asubuhi kuliko jioni.

Kifaa cha kidoleni kilisema oksijeni yangu ni 98. Basi niko salama?

Usikitegemee kwa hili. Kile hutambua oksijeni kwa rangi ya damu, na hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi ni nyekundu vilevile. Kifaa huihesabu kana kwamba imebeba oksijeni.

Sivuti kabisa, mbona namba iko juu?

Mwambie mkunga kama tumbo lako halipatani na maziwa, maana gesi ya tumboni inaweza kuchanganya baadhi ya vifaa. Mwambie pia kama nyumbani kuna anayevuta ndani, kama unavuta shisha, au kama unafukiza udi kwa makaa huku madirisha yamefungwa kwa baridi. Makaa hutoa gesi hii kwa wingi.

Yote hayo yakikosekana, shuku boila au jiko la gesi. Dalili yake ni kichwa kinachouma nyumbani na kupoa ukitoka, hasa kikiwauma wote mnaoishi humo. Zimeni vyombo vya gesi, fungueni madirisha, tokeni nje, kisha pigeni 0800 111 999, simu ya dharura za gesi inayopokewa usiku na mchana. Aliyezidiwa na kizunguzungu au kuchanganyikiwa apigiwe 999.