"Ni Waraka Tu": Pale Maelekezo ya Serikali Yanapomfunga Mtumishi

Mama mmoja anafika katika ofisi ya mkuu wa shule ya sekondari akiongozana na binti yake. Binti aliacha masomo mwezi Machi akiwa kidato cha pili baada ya kubainika kuwa ni mjamzito, akajifungua mwezi Agosti, na sasa ni Januari, anataka kurudi darasani. Mama amesikia redioni kwamba kuna waraka unaoruhusu. Mkuu wa shule anamsikiliza kwa upole, kisha anasema: "Mama yangu, nimekuelewa. Lakini huo ni waraka tu, si sheria. Mimi nafuata kanuni, na kanuni zinaniruhusu kumkataa."

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini jibu la namna hiyo linaweza kutolewa katika ofisi yoyote ya umma, iwe ya elimu, ardhi, afya au biashara. Ni jibu zito kwa sababu nusu yake ni kweli, na mwananchi asiyejua mahali nusu hiyo inapokomea huinuka na kuondoka. Makala hii inalichambua kwa kufuata shauri la mama huyu hatua kwa hatua.

Kwanza, nusu iliyo kweli. Katika nchi yetu Katiba iko juu, chini yake zipo sheria zilizotungwa na Bunge, na chini ya hizo zipo kanuni ambazo waziri huzitunga kwa mamlaka aliyopewa na sheria na kuzitangaza katika Gazeti la Serikali. Waraka, mwongozo na tamko la sera havimo katika ngazi hizo. Hutolewa na wizara au mkuu wa idara ili kuwaeleza watumishi namna ya kutekeleza kazi. Wanasheria huviita sheria laini. Waraka hauwezi kufuta kanuni, wala mwongozo hauwezi kuongeza kosa au adhabu ambayo sheria haikuitaja. Endapo waraka na sheria vinagongana uso kwa uso, sheria ndiyo inayobaki imesimama.

Swali linalofuata ni kama katika shauri hili vinagongana kweli. Kanuni anazozitaja mkuu wa shule ni za mwaka 2002, zinazohusu kufukuzwa na kuondolewa kwa wanafunzi shuleni. Zinataja sababu zinazoweza kumfanya mwanafunzi afukuzwe, miongoni mwake utovu wa nidhamu uliokithiri, makosa ya jinai, kosa dhidi ya maadili, na kuingia katika ndoa. Ujauzito haukutajwa kwa jina. Kwa miaka mingi shule ziliuingiza chini ya maneno "kosa dhidi ya maadili". Jambo la kutazamwa zaidi ni kitenzi kilichotumika, kwa kuwa kanuni hazikusema kwamba mwanafunzi huyo lazima afukuzwe. Zimesema kufukuzwa kunaweza kuamriwa.

Tofauti ya "lazima" na "anaweza" ndiyo inayoamua nguvu ya waraka. Sheria inaposema "lazima", mtumishi hana la kuchagua, na waraka wowote unaomwelekeza vingine hauna nguvu. Inaposema "anaweza", imemwachia nafasi ya kupima na kuamua, na nafasi hiyo ndiyo sheria laini hujaza. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliotolewa na wizara mwezi Novemba mwaka huo, unaelekeza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ukiwamo ujauzito, wapewe fursa ya kurejea katika shule za mfumo rasmi. Haukufuta kanuni yoyote. Uliwaeleza watumishi namna ya kuitumia ile nafasi ya "anaweza". Mkuu wa shule anayesema kanuni zinamruhusu kukataa anasema kweli, lakini kanuni hizo hizo zinamruhusu pia kukubali, na Serikali imekwisha kueleza anachotakiwa kuchagua.

Hapo ndipo inapoanza ile nusu isiyo kweli, kwamba waraka kwa kuwa si sheria basi haumfungi mtu. Unamfunga kwa njia mbili, na si vema kuzichanganya.

Njia ya kwanza iko ndani ya utumishi wenyewe. Waraka ni agizo halali kutoka kwa mamlaka ya juu, na mtumishi anayelipuuza hujiweka katika hatari ya hatua za kinidhamu. Njia hii ni ya haraka, lakini ni jambo kati ya mtumishi na mwajiri wake. Mwananchi anaweza kutoa malalamiko, si kuamuru hatua ichukuliwe.

Njia ya pili humgusa mwananchi moja kwa moja. Serikali inapotangaza hadharani kwamba watu wa hali fulani watatendewa hivi, wananchi hupata kile ambacho mahakama hukiita matarajio halali. Ofisi ya umma haiwezi kumtendea mtu mmoja kinyume cha tangazo hilo kimyakimya, huku jirani yake mwenye hali ileile akihudumiwa. Ikitaka kwenda kinyume, inapaswa kumsikiliza kwanza na kuwa na sababu inayotokana na shauri lake. Kusema "ni waraka tu" si sababu, kwa kuwa jibu hilo lingefaa kwa kila mwombaji na hivyo halisemi lolote juu ya binti huyu.

Sababu ya kutosha huwaje? Uamuzi mmoja wa mahakama ya juu ya Uingereza wa mwaka 2005 unasaidia kuelewa. Maamuzi ya huko hayazifungi mahakama zetu, lakini husomwa na kuzingatiwa. Ilikuwapo kanuni ya utendaji kwa hospitali za magonjwa ya akili, iliyotaka mgonjwa anayetengwa peke yake chumbani akaguliwe na daktari kila baada ya saa 4. Hospitali moja yenye ulinzi mkali iliweka utaratibu wake wenye ukaguzi wa nadra zaidi kwa mgonjwa aliyetengwa kwa siku nyingi. Mgonjwa akashtaki. Majaji walisema kanuni hiyo si sheria, lakini pia si ushauri wa kuchukua au kuacha, na hospitali ingeweza kuiacha kwa sababu nzito tu. Kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili hospitali ilishinda, kwa kuwa ilikuwa imeandika kwa kina kwa nini wagonjwa wake ni tofauti na wale waliokusudiwa na kanuni ile. Kwa hiyo ofisi inaweza kuacha mwongozo na bado ikawa sahihi, mradi iwe imefikiri kabla na kuandika ilichofikiri.

Kwetu pia Bunge limewahi kuliweka wazo hilo katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kutolewa kwa kanuni za utendaji bora, na zilizotangazwa mwaka 2007 zinaeleza, pamoja na mambo mengine, utaratibu wa haki wa kumwachisha mtu kazi. Anayeitumia sheria hiyo ameagizwa kuzizingatia, na akienda kando lazima aeleze sababu. Mwongozo wenye sheria nyuma yake namna hiyo una nguvu kuliko waraka wa kawaida, na ndiyo maana mwananchi akipewa au akinyimwa jambo kwa jina la mwongozo hafanyi vibaya kuuliza umetolewa chini ya sheria ipi.

Lipo kosa la upande wa pili ambalo husahaulika. Tuseme mwongozo umeweka miaka 2 kuwa muda wa kurejea shuleni, na binti mwingine anakuja baada ya miaka 2 na mwezi mmoja kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa. Afisa anatazama tarehe, anasema muda umepita, anafunga jalada. Afisa huyu ameufuata mwongozo neno kwa neno na bado amekosea, kwa kuwa ameugeuza ukuta. Sheria ilipompa mtu nafasi ya kupima ilitaka apime kila shauri, na mwongozo hauwezi kumwondolea wajibu huo. Si lazima akubali. Ila lazima asikilize ile sababu ya mtoto kulazwa kabla ya kusema hapana.

Turudi kwa mama yetu. Jambo la kwanza analoweza kufanya ni kuomba kuuona waraka wenyewe, kwa namba na mwaka, pamoja na mwongozo wa utekelezaji uliofuata mwaka 2022, badala ya kutegemea alichosikia redioni. Ofisi ya mkuu wa shule au ya Afisa Elimu Kata ndiyo mahali pa kuanzia. Akinyimwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kumjibu ndani ya siku 30 tangu kupokea ombi lake.

Kisha aandike barua fupi: jina la mwanafunzi, kidato, mwezi alioacha masomo, mwezi anaotaka kurejea, na namba ya waraka. Aombe jibu kwa maandishi, na iwapo ni la kukataa, liwe na sababu. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na abaki nayo. Ombi hili dogo hubadilisha mambo mengi, kwani jibu linalotamkwa kwa urahisi mdomoni huwa gumu kuliandika na kulitia saini. Likiandikwa, barua hiyo huenda nayo kwa Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri, na baadaye kwa Mkurugenzi Mtendaji.

Yote yakishindikana, ipo Mahakama Kuu, kwa njia ya mapitio ya uamuzi wa kiutawala. Mahakama huko haiulizi kama ingeamua tofauti. Huuliza kama mwamuzi alikuwa na mamlaka, alisikiliza, na alikuwa na sababu. Maombi ya kibali cha kufungua shauri hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, ndiyo maana tarehe iliyo juu ya barua ya kukataliwa ina thamani kubwa.

Mama huyu ajue pia udhaifu wa kile anachokishika mkononi. Kilichotolewa kwa waraka kinaweza kuondolewa kwa waraka mwingine, bila mjadala bungeni. Kabla ya Novemba 2021 shule zilifuata maelekezo ya kinyume, ilhali kanuni za mwaka 2002 zilikuwa zilezile. Mwezi Septemba 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania, miongoni mwa mambo mengine, irekebishe kanuni hizo ili ujauzito usiwe sababu ya kufukuzwa. Kamati haikuona kwamba waraka pekee unatosha, kwa kuwa neno "anaweza" lingali mahali pake, na waraka unaoeleza namna ya kulitumia hauna budi kutafutwa, kusomwa na kutajwa kwa namba kila mara mzazi anapobisha hodi katika ofisi ya mkuu wa shule.