Dondoo muhimu: Omba nakala kabla ya kulipia apatimenti Songea

Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, mwandikie mwendelezaji barua fupi: "Naomba nakala za hati ya kiwanja, kibali cha ujenzi, michoro iliyoidhinishwa na mpango wa sehemu za jengo." Mpe siku saba, ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa.

Zikifika, fanya haya:

• Hati. Angalia jina la mmiliki na muda uliobaki. Kisha omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, maana nakala ya zamani haionyeshi rehani ya benki iliyowekwa baadaye.

• Kibali na michoro. Linganisha namba ya kiwanja, kitalu na idadi ya ghorofa. Tuseme kibali kinataja ghorofa tatu, nawe unauziwa chumba cha ghorofa ya nne: sehemu yako haina kibali. Michoro iwe na mihuri ya Halmashauri ya Manispaa ya Songea. Ukiwa na shaka, ipeleke kwa mhandisi wa manispaa.

• Mpango wa sehemu za jengo. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ndio msingi wa hati yako. Tafuta namba ya chumba chako, ukubwa wake, ngazi na maegesho ya pamoja.

Ukiambiwa "nyaraka zitakuja baadaye", na fedha yako ije baadaye.