Bidhaa Moja, Saizi na Rangi Nyingi: Hesabu Isiyompotosha Mnunuzi

Tuchukue mfano wa duka la sare za shule mjini Babati linaloonesha bidhaa zake kwa simu. Orodha yake inasomeka: “Sweta za shule, zipo 12.” Mzazi aliyeko Katesh anahitaji sweta ya rangi ya damu ya mzee, saizi 28. Anaona 12, analipa kwa simu, kisha anasubiri mzigo wa basi. Muuzaji anapofungua kabati anakuta hesabu ifuatayo: damu ya mzee saizi 26 zipo 2, saizi 28 hakuna, saizi 30 zipo 5; za bluu saizi 26 zipo 4, saizi 28 ipo 1, saizi 30 hakuna. Jumla ni 12 kweli, lakini sweta iliyolipiwa haipo.

Baadhi ya wauzaji hukwepa tatizo hili kwa kuorodhesha kila sweta kama bidhaa inayojitegemea. Hapo mnunuzi hukutana na picha sita zinazofanana, na bei ikibadilika, moja husahaulika ikabaki na bei ya zamani.

Utaratibu ulio bora ni kuwa na bidhaa moja, jina moja na maelezo ya pamoja, ambamo mnunuzi huchagua rangi kwanza, kisha saizi. Rangi mbili kwa saizi tatu huzaa machaguo sita, na kila chaguo hupewa mstari wake, hesabu yake na alama yake, kwa mfano DM-28. Jumla hutokana na mistari hiyo. Isiandikwe peke yake. Chaguo lililofikia sifuri libaki likionekana na neno “imekwisha”, ili mzazi ajue kuwa saizi hiyo hushonwa, ila kwa sasa haipo.

Hesabu huharibika zaidi dukani kuliko kwenye simu. Sweta ikiuzwa kaunta na muuzaji akapunguza mstari usio wake, jumla hubaki sahihi huku mistari miwili ikidanganya. Dalili yake ni mstari mmoja kuonesha pungufu ya sifuri, yaani -1, au kabati kuwa na sweta moja zaidi ya iliyoandikwa. Kubadilisha saizi nako ni maandishi mawili: iliyorudi huongezwa kwenye mstari wake, iliyotoka hupunguzwa kwenye wake.

Nawe mlaji, kabla ya kulipa, chagua rangi kisha utazame kama idadi ya saizi inabadilika. Isipobadilika, yamkini unaoneshwa jumla tu. Muulize muuzaji, “Damu ya mzee, saizi 28, zipo ngapi?” na uhifadhi jibu lake la maandishi pamoja na ujumbe wa malipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na maandishi hayo ndiyo yatakayoonesha ulichoahidiwa.