Sufuria imeisha, faranga ziko wapi?

 Leo najibu barua ya mama mmoja kijana wa Mutakura anayepika wali na maharage kila siku, kisha anawapelekea mafundi wa gereji na washonaji mahali wanapofanyia kazi. Anasema chakula kinamalizika kabla ya saa nane na wateja wanakisifu, lakini jioni akihesabu hana faranga za kutosha kununua mchele wa kesho.

Mdogo wangu, upishi wako hauna kasoro. Tatizo liko kwenye upawa.

Tufanye hesabu pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano, maana hapa Bujumbura zinabadilika. Wewe weka zile ulizozikuta asubuhi sokoni Cotebu au Kinama. Umepika kilo 5 za mchele na kilo 3 za maharage. Tuseme mchele umekula faranga 25,000, maharage 12,000, mafuta na nyanya na vitunguu na chumvi 12,000, makaa 8,000, na maji, sabuni na usafiri 3,000. Jumla ni 60,000. Kilo 5 za mchele zikiiva zinatoa karibu kilo 13 za wali, ambazo zinatosha sahani 30 za mtu mwenye njaa ya kazi. Kwa hiyo kila sahani imekugharimu faranga 2,000. Ukiuza kwa 3,000, siku hiyo unabaki na 30,000.

Sasa ongeza kijiko kimoja kwa fundi uliyemzoea, na kingine kwa jirani yake asije akanung'unika. Sufuria ileile inatoa sahani 24. Wateja watatu wanakwambia, "Dada, nitakulipa Jumamosi." Waliolipa ni 21, yaani 63,000, na mkononi umebaki na 3,000. Hakuna aliyekuibia, na chakula chote kimeliwa.

Dawa yake ni bakuli moja la kupimia, lisilobadilika. Kesho, kabla hujapakia, hamisha wali wote kwenye sufuria nyingine kwa bakuli hilo, ukilijaza sawasawa bila kilima, huku ukihesabu. Likitoa mabakuli 30, basi bakuli moja ni sahani moja. Likitoa 24, tafuta dogo zaidi, au pandisha bei. Anayetaka nyongeza auziwe nusu bakuli kwa bei yake. Wa deni waandike siku hiyohiyo, na mwenye deni la zamani alipe kwanza, hata kwa Lumicash, ndipo apate sahani mpya. Najua ni vigumu kumnyima mtu wa mtaa wenu, lakini mchele wa kesho unatoka kwenye faranga hizo.

Makaa nayo yanakula faida kimyakimya. Loweka maharage usiku, umwage yale maji, kisha uyachemshe kwa maji mapya. Yataiva mapema zaidi, na mbabula haitawaka asubuhi nzima. Joto la huku kwetu linaweza kuyachachua, kwa hiyo ukiona povu na harufu kali asubuhi, yatupe. Mara yanapoanza kuchemka, yaache yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto, hasa yale mekundu, kwa sababu yasipoiva vizuri yanaleta kutapika.

Kuhusu wali, nakuomba unisikilize sana. Kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu vinazaana na kuacha sumu. Ukiupasha moto tena, sumu hiyo haiondoki. Usitegemee pua, kwa sababu wali huo unaweza kunukia vizuri na bado ukamlaza mteja kwa kutapika mchana huohuo. Kwa hiyo pika maharage kwanza, wali mwisho. Wali uive karibu saa tano, uupakie ukiwa unafuka mvuke, ufunike, uzungushie blanketi safi, na ufike kwa mafundi kabla haujapoa. Uliobaki na kupoa usiuzwe kesho. Ukibakiwa na mwingi kila siku, punguza kilo moja ya mchele.

Umeniuliza pia kuhusu mifuko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa amri ya 2018, na wali wa moto haufai kutiwa humo hata hivyo. Nunua mabakuli yenye vifuniko, yaandike namba, na chukua dhamana ndogo kwa kila moja. Mteja akirudisha, dhamana yake inakuwa sehemu ya malipo ya chakula kinachofuata.

Kuhusu ile sherehe ya kuganduka ya watu 40 uliyoombwa, bakuli lako tayari limeshakupa jibu: kilo 7 za mchele na 4 za maharage, kisha nyama juu yake wanunue wenyewe au wakulipe bei yake. Omba avansi inayotosha kununua vitu vyote kabla hujaenda sokoni. Wakisema watalipa baada ya wageni kuondoka, kataa kwa upole, mdogo wangu, maana mtaji wako ni wa mafundi wa Jumatatu.