Transfoma ya karasha: majaribio mawili yanayotabiri volteji kabla ya mzigo

Laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa hufika kituo cha Ibadakuli, Shinyanga, lakini umeme unaozungusha karasha za wachimbaji wa Kahama na Nyarugusu huja kwa njia za kilovolti 33, na hatua yake ya mwisho ni transfoma iliyo karibu na mtambo. Katika maswali na majibu haya, mhandisi wa umeme anaeleza namna ya kuijua transfoma hiyo kwa vipimo. Mfano wake ni transfoma ya kVA 200, kilovolti 33 kwa volti 400, iliyotoka kufanyiwa matengenezo.

Swali: Kwa nini kuipima, ilhali kibao chake kimeandikwa kila kitu?

Kibao kinaeleza transfoma ilivyotoka kiwandani. Ikishasukwa upya, waya unaweza kuwa mwembamba zaidi au idadi ya mizunguko ikawa imebadilika. Wengi hununua mitambo iliyotumika ambayo kibao chake kimefutika. Majaribio mawili yanatupa saketi linganifu, yaani picha ya transfoma kwa vipande vinne. Viwili vya kwanza vinaeleza chuma cha kiini: ukinzani wa upotevu wa chuma na riaktansi ya usumaku. Viwili vingine vinaeleza koili: ukinzani wa waya, na riaktansi inayotokana na usumaku unaovuja.

Swali: Jaribio la saketi wazi hufanywaje?

Unalisha upande wa volti 400 kwa volteji yake kamili, na upande wa juu unauacha wazi. Kumbuka kwamba bushingi za upande huo ulio wazi sasa zina kilovolti 33. Weka uzio, mtu asikaribie, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Tuseme umesoma volti 400, ampea 5 na wati 510. Mkondo ni mdogo sana ukilinganisha na ampea 289 za mzigo kamili, kwa hiyo waya haupotezi chochote cha kuhesabu, na wati zote 510 ni za chuma. Ukinzani wa chuma ni 400² ÷ 510, yaani omu 314. Sehemu ya usumaku ni √(3464² − 510²), karibu VAR 3,426, hivyo riaktansi yake ni 400² ÷ 3,426, yaani omu 46.7.

Swali: Kosa gani hutokea hapa mara nyingi?

Kosa liko kwenye watimita mbili. Pawafakta ya jaribio hili ni takriban 0.15 tu, kwa hiyo watimita moja husoma kinyume. Katika mfano wetu moja ingesoma karibu 1,244 na nyingine 734 upande wa hasi. Fundi akigeuza nyaya ili mshale usogee mbele, kisha akajumlisha, atapata wati 1,978 badala ya 510, na ataihukumu transfoma nzima kuwa mbovu. Kwa hiyo fuatilia alama ya kila kipimo. Ikiwa wati na ampea zimepanda mno hata baada ya kuhakikisha alama, shuku mizunguko iliyopiga shoti ndani ya koili. Koili ya katikati kuvuta mkondo mdogo kidogo kuliko za pembeni si kasoro, kwa sababu njia yake ya usumaku ni fupi.

Swali: Na jaribio la saketi fupi?

Sasa unafunga upande wa chini kwa shoti na kulisha upande wa juu. Ili kufikisha mkondo kamili wa ampea 3.5 ungehitaji karibu volti 1,490, na karakana nyingi hazina chanzo hicho. Si tatizo. Lisha volti 400 za kawaida, kwa kuwa koili hufuata mstari ulionyooka: nusu ya volteji hutoa nusu ya mkondo.

Tuseme umepata ampea 0.94 na wati 218. Volteji hii ni kama asilimia 1.2 ya volteji kamili, hivyo chuma hakipotezi kitu na wati zote ni za koili. Ukinzani kwa kila fezi ni 218 ÷ (3 × 0.94²), yaani omu 82. Impidansi ni 231 ÷ 0.94, yaani omu 246. Riaktansi inabaki omu 232. Ili kuzihamishia upande wa volti 400, gawa kwa mraba wa uwiano, 82.5², na utapata ukinzani wa omu 0.0121 na riaktansi ya omu 0.0340.

Jihadhari na kipande cha kufungia shoti. Namba zenyewe ni ndogo: kiunganishi chenye omu 0.001 kitaongeza ukinzani kwa zaidi ya asilimia 8. Tumia basiba nene, kaza boliti, na uguse viungo baada ya kuzima umeme. Kiungo kilichopata moto kimekuharibia kipimo.

Kisha rekebisha joto. Ukipima koili ikiwa nyuzi 28, kazini itakuwa na joto zaidi. Kwa shaba, zidisha ukinzani kwa (235 + 75) ÷ (235 + 28) kuupeleka kwenye nyuzi 75. Unapata omu 0.0142. Riaktansi haibadiliki.

Swali: Sasa mchimbaji anauliza, karasha zikiwaka volti zitashuka kiasi gani?

Tuchukue mzigo wa kVA 160 kwenye pawafakta 0.8, ambao ni kawaida kwa mota zinazofanya kazi bila kapasita. Mkondo ni ampea 231. Mshuko kwa fezi ni:

I(R cosφ + X sinφ) = 231 × (0.0142 × 0.8 + 0.0340 × 0.6) ≈ 7.3 V

Hiyo ni volti 12.7 kati ya laini na laini. Kwa hiyo ukitaka mota zipate volti 400 kamili, transfoma bila mzigo itoe karibu 413. Regulesheni ni asilimia 3.2.

Angalia vipande vya hesabu: riaktansi imechangia karibu theluthi mbili ya mshuko. Ndiyo maana kapasita husaidia. Weka kapasita za takriban kVAR 54, pawafakta ipande hadi 0.95 kwa kilowati zilezile 128. Mkondo unashuka hadi ampea 194 na regulesheni hadi asilimia 2.0. Kabla ya kununua transfoma kubwa zaidi, hesabu hii ifanyike kwanza.

Swali: Hesabu hii haisemi nini?

Haisemi mshuko wa njia ya kilovolti 33 yenyewe. Kama mtambo uko mwishoni mwa njia ndefu, volteji inaweza kuwa imeshuka kabla ya kufika kwenye transfoma, na hilo hurekebishwa kwa tapu. Tapu yenye hatua ya asilimia 2.5 huongeza takriban volti 10 upande wa chini. Haisemi pia hali ya mafuta wala insulesheni, ambazo zina vipimo vyake. Wakati wa kuwasha mota kubwa moja kwa moja, mkondo unaweza kufika mara sita na pawafakta ikawa chini sana. Tumia fomula ileile, lakini kwa namba za kuwasha.

Ushauri wangu kwa mwenye karasha: usilipe pesa ya mwisho ya matengenezo mpaka upewe karatasi yenye usomaji wa majaribio yote mawili, joto la koili likiwa limeandikwa.