Barua ya Muuguzi wa Shule: Lebo ya Dawa ni Haki ya Mtoto Kabla ya Kuwa Wajibu wa Mzazi

Shule za bweni zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi hupokea barua fupi ya muuguzi wa shule pamoja na maelekezo ya kujiunga. Ndani yake mna ombi moja: mwanafunzi anayetumia dawa aje nayo katika kifungashio chake cha awali, chenye lebo inayosomeka. Dawa iliyofungwa kwenye kitambaa, kwenye kichupa cha dawa nyingine au kwenye mfuko wa nailoni haitapokelewa. Wapo wanaoiona barua hii kuwa usumbufu wa shule kujikinga na lawama, na wapo wanaoitii bila kujua kwamba inawapa pia haki ya kudai. Hoja yangu ni kwamba muuguzi yuko sahihi kukataa kidonge asichokijua, lakini kazi ya kukifanya kidonge kijulikane si ya mzazi peke yake. Huanzia kwa aliyekitoa, na huishia kwa shule inayokipokea. Tena, shule inayokataa kidonge haijapata ruhusa ya kumkataa mtoto.

Tuanze na kinachopotea lebo inapopotea. Chukua mfano wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye kifafa, anayetumia karbamazepini ya miligramu 200 asubuhi na jioni. Mama yake amemtolea vidonge kwenye pakiti na kuvitia katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa "1 x 2", basi. Muuguzi akiifungua anaona vidonge vyeupe vya mviringo. Hajui ni dawa gani. Akiambiwa ni karbamazepini, bado hajui kama ni ya miligramu 200 au 400, wala kama ni ile ya kawaida au ile iliyotengenezwa iachie nguvu yake polepole. Tofauti hizo si ndogo. Mtoto akipewa ya 400 mahali pa 200, anaweza kupata kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili na kuyumba anapotembea, na asiyejua chanzo atadhani amelewa au anajifanya. Dawa ikikatishwa ghafla kwa sababu muuguzi anaogopa kutoa asichokijua, degedege linaweza kurudi, na safari hii likawa refu lisilokatika bila msaada wa hospitali. Kwa hiyo muuguzi aliyepewa bahasha isiyo na jina anabaki na njia mbili, kutoa au kutotoa, na zote mbili ni za hatari.

Kifungashio chenyewe pia kina kazi, mbali na maandishi yaliyo juu yake. Karbamazepini haipatani na unyevu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwahi kuonya kwamba vidonge vyake vikikaa penye unyevu mwingi vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu, kwa sababu hugeuka vigumu na kuchelewa kuyeyuka tumboni. Mabweni ya Tanga, Dar es Salaam au Pemba wakati wa masika yana unyevu wa kutosha kufanya kazi hiyo. Valproati ya sodiamu, dawa nyingine ya kifafa, hunyonya unyevu hewani hadi kidonge kinalainika na kunata vidoleni. Mzazi anayevitoa vidonge hivyo kwenye pakiti ili visichukue nafasi sandukuni anaondoa kinga aliyoinunua pamoja na dawa. Hapo hata kumbukumbu nzuri ya mtoto, anayejua jina la dawa yake na kipimo chake, haisaidii.

Sasa sheria. Barua ya muuguzi yenyewe si sheria, ni utaratibu wa shule. Nguvu yake inatokana na wajibu ulioandikwa kwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inamtaka mzazi, mlezi au mtu yeyote anayeishi na mtoto kwa dhamana ampatie matibabu, na inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto huduma ya afya. Kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yawe jambo la kwanza kuzingatiwa. Muuguzi, kwa upande wake, anafanya kazi kwa leseni chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na anawajibika mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa dawa anayoitoa kwa mkono wake. Maelezo kwamba "mama aliniambia hivyo kwa simu" hayatamsaidia sana mtoto akidhurika. Kwa hiyo anapodai kuona lebo hakuonei. Anatimiza sharti la taaluma yake, na sharti hilo linamlinda mwanao.

Pingamizi la kwanza lina uzito. Mzazi atauliza: kifungashio cha awali nitakitoa wapi, ikiwa zahanati inahesabu vidonge kutoka kopo la vidonge elfu moja na kunipa kwenye kibahasha, au duka la dawa linanikatia pakiti kwa sababu fedha yangu inatosha vidonge sita tu? Jibu ni kwamba barua isomwe kwa akili. Kifungashio cha awali ni kile ambacho dawa ilitoka nacho kwa mtoa dawa, na kibahasha cha zahanati kinakubalika mradi kimeandikwa ipasavyo. Hapo ndipo ilipo haki yako, kwa sababu kuandika lebo ni sehemu ya kazi ya mtoa dawa, wala si hisani. Kabla hujaondoka dirishani, hakikisha kibahasha kina jina kamili la mtoto, jina la dawa, kipimo cha kila kidonge kwa miligramu, idadi na saa za kumeza, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha muda wa matumizi na jina la kituo. "1 x 2" haitoshi. Kama unakatiwa pakiti, angalia mwisho wa foili. Mara nyingi tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo hugongwa upande mmoja tu, na akikata kutoka upande huo unabaki na vidonge visivyo na umri. Mwombe akate upande wa pili, au akuandikie tarehe na namba hiyo. Akikataa kuandika jina la dawa anayokuuzia, una sababu ya kupeleka malalamiko Baraza la Famasi, lililoundwa kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Ukitilia shaka ubora wa dawa yenyewe, mlango wa kugonga ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: lebo inasema ugonjwa. Mzazi wa mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anajua kwamba kopo lile linatambulika hata kwa mtoto wa jirani, na kwamba vidonge hulia ndani yake mtoto anapotembea. Ndiyo maana wengi huvihamishia kwenye kichupa cha vitamini. Hofu hiyo ni ya kweli na haipaswi kubezwa, lakini dawa iliyohamishwa inapoteza kinga. Dawa zenye tenofovia zinatakiwa zikae kwenye kopo lake lililofungwa vizuri, pamoja na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu kilichomo ndani. Suluhisho ni kulificha kopo bila kulibadilisha: litiwe ndani ya mfuko usioonyesha, likabidhiwe kwa muuguzi peke yake mkono kwa mkono, na likae kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo, badala ya rafu ya matroni inayoonwa na kila apitaye. Hili nalo mzazi analidai kwa haki. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inawabana wahudumu wa afya na watunza taarifa kutunza siri, na inakataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu kwa hali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Orodha ya wanafunzi wanaotumia dawa kubandikwa mlangoni mwa zahanati ya shule, au jina la mtoto kusomwa paredi ili aje kumeza dawa, ni jambo la kulalamikiwa kwa mkuu wa shule, na lisipokoma, mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Pingamizi la tatu ni la shule inayoutumia utaratibu huu kama ukuta. Tuseme mtoto amefika na bahasha isiyo na jina, mzazi yuko mbali na jioni imeingia. Kukataa kutoa kidonge hicho ni halali. Kuishia hapo si halali, kwa sababu dozi ya jioni bado inahitajika. Muuguzi anapaswa kumpigia mzazi, kuomba picha ya cheti cha daktari au kadi ya kliniki, na ikishindikana kumpeleka mtoto kituo cha afya cha karibu aandikiwe upya. Kumrudisha nyumbani kwa sababu ana ugonjwa unaohitaji dawa ni kumbagua kwa hali ya afya yake, jambo linalokatazwa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto. Vilevile si kila dawa inafaa kufungiwa kabatini. Pampu ya pumu ya salbutamoli inatakiwa iwe mfukoni mwa mtoto anayejua kuitumia, maana shambulio la saa nane usiku halimsubiri mwenye ufunguo. Kwa kuwa boksi lake hutupwa mapema, mwombe mfamasia abandike lebo yenye jina la mtoto kwenye pampu yenyewe.

Siku ya kukabidhi, usiache dawa juu ya meza na kuondoka. Omba iandikwe kwenye daftari: jina la dawa, kipimo, idadi, tarehe ya kuisha muda, na sahihi za pande zote mbili. Kwa mtoto wetu wa kifafa, muhula wa wiki 12 ni siku 84, yaani vidonge 168, sawa na pakiti 17 za vidonge kumi kumi, ambazo zinabakiza viwili. Hesabu hiyo ikiwa imeandikwa, siku ya kufunga shule utajua kwa kuhesabu vilivyobaki kama dozi zilitolewa. Vikibaki 40 badala ya viwili, mtoto amekosa dozi 38, na una haki ya kuuliza ni lini na kwa nini. Ambatanisha pia nakala ya cheti cha daktari na namba ya simu inayopatikana usiku.

Basi barua ya muuguzi ikikufikia, ijibu kwa maandishi. Eleza dawa unayoleta na jinsi ilivyofungwa, kisha uliza maswali matatu: itawekwa wapi, nani atakuwa na ufunguo, na nani atampa mtoto siku muuguzi asipokuwepo? Shule iliyokuomba lebo inapaswa kuwa na majibu hayo. Isipokuwa nayo, yadai kabla hujamwacha mtoto getini.